Kuifungua ikisiri ya kitaalamu kwa msomaji wa jarida la kawaida: mwongozo kamili kwa mfano mmoja wa vyandarua

Ikisiri iliyoandikwa kwa ajili ya jarida la fani hukataliwa mara nyingi na mhariri wa jarida la wasomaji mchanganyiko, na jibu lake huwa fupi: "Punguza istilahi." Mwandishi hurudi mezani, hubadilisha maneno sita magumu kwa maneno sita mepesi, hutuma tena, na hukataliwa tena. Shida ni kwamba kila istilahi inafanya kazi fulani ndani ya sentensi, na ukiiondoa bila kujua kazi hiyo, sentensi hubaki nyepesi lakini haisemi tena kilichogunduliwa. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuifanya kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa ikisiri moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho.

Mfano wetu ni jaribio la vyandarua lililofanyika wilayani Muleba, mkoani Kagera, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet. Takwimu ni za jaribio hilo. Maneno ya Kiswahili tumeyapanga wenyewe, kwa namna ambayo mtaalamu angeyapanga kama angewaandikia wataalamu wenzake:

"Usugu wa vekta dhidi ya pairethroidi unatishia ufanisi wa vyandarua vyenye viuatilifu vya muda mrefu (VVM). Tulifanya jaribio la nasibu la klasta lenye muundo wa kifaktoria wa 2×2 (klasta 48, Muleba, Tanzania) kulinganisha VVM vya PBO na VVM vya kawaida, pamoja na au bila upuliziaji wa mabaki ndani ya nyumba (UMN). Tokeo la msingi lilikuwa ukithiri wa maambukizi ya malaria kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 14, uliopimwa kwa tafiti mtambuka katika miezi ya 4, 9, 16 na 21. Katika uchanganuzi wa nia ya kutibu, ukithiri mwezi wa 9 ulikuwa 29% (531/1852) katika makundi ya PBO dhidi ya 42% (767/1809) katika makundi ya VVM vya kawaida (uwiano wa odi 0.37, masafa ya uhakika ya 95%: 0.21–0.65; p=0.0011). UMN nao ulipunguza ukithiri (28% dhidi ya 44%; uwiano wa odi 0.33, 0.19–0.55, p<0.0001). Kulikuwa na mwingiliano wa afua hizo mbili (uwiano wa odi 2.43, 1.19–4.97; p=0.0158), unaoashiria uradidi zinapounganishwa. Athari ya PBO ilidumu mwezi wa 21 (45% dhidi ya 62%, uwiano wa odi 0.40, 0.20–0.81; p=0.0122)."

Kwa mtaalamu wa malaria, ikisiri hii haina kosa. Mwalimu wa jiografia, mwanasheria au mkulima aliyesoma ataishia sentensi ya pili.

Kabla ya kugusa neno lolote

Weka mezani vitu vitatu: makala nzima pamoja na majedwali yake, ukomo wa maneno wa jarida unaloliandikia, na ikisiri mbili au tatu zilizokwisha kuchapishwa humo. Usifanye kazi kwa ikisiri peke yake. Mambo mengi utakayotakiwa kuyaeleza, kama vile nani alipimwa na kwa kipimo gani, yamo kwenye sehemu ya mbinu, na ukiyabuni kwa kukisia utaandika uongo bila kujua.

Ukomo wa maneno ndio unaoamua ni istilahi ngapi unaweza kuzifafanua. Ufafanuzi mmoja mzuri hula maneno kumi hadi kumi na tano. Jarida la Science hutaka ikisiri isizidi maneno 125, na hapo utapata nafasi ya kueleza istilahi mbili tu, labda tatu. Nature huruhusu aya ya takriban maneno 200, nayo hutaka sentensi za mwanzo zieleweke na mwanasayansi wa fani yoyote. Sisi tutachukulia ukomo wa maneno 250, ambao unatosha kwa istilahi tatu au nne zilizoelezwa vizuri. Kumbuka hesabu hiyo, maana istilahi za mfano wetu zinazidi kumi na mbili.

Hatua ya kwanza: chora, kisha hukumu

Chapa ikisiri kwenye karatasi, chukua kalamu, piga mstari chini ya kila neno ambalo mtu aliyemaliza kidato cha nne na asiyesoma afya hatalielewa kama ulivyolikusudia wewe. Vifupisho vinahesabiwa. Katika mfano wetu utapiga mstari chini ya usugu, vekta, pairethroidi, VVM, jaribio la nasibu, klasta, muundo wa kifaktoria, PBO, UMN, tokeo la msingi, ukithiri, tafiti mtambuka, nia ya kutibu, uwiano wa odi, masafa ya uhakika, p, mwingiliano, afua na uradidi.

Sasa kila neno lipe hukumu moja kati ya tatu: libaki na kuelezwa, jina liondoke lakini maana ibaki, au vyote viwili viondoke. Kipimo ni hiki: je, msomaji atalihitaji jina lenyewe baadaye, ama ndani ya ikisiri hiihii, ama maishani mwake? Jina "PBO" linabaki, kwa sababu ndilo linalotofautisha chandarua kimoja na kingine katika kila sentensi inayofuata, na kwa sababu msomaji huenda akakutana nalo siku vyandarua vinapogawiwa kijijini kwake. "Pairethroidi" nalo linabaki, kwa shida kidogo, maana bila hilo hatuwezi kusema ni dawa gani iliyoshindwa.

"Jaribio la nasibu la klasta" liko kwenye kundi la pili. Msomaji hahitaji jina la muundo, ila anahitaji kujua kwamba maeneo yalichaguliwa kwa kura, si kwa upendeleo, maana hapo ndipo imani ya matokeo ilipojengwa. Vivyo hivyo "muundo wa kifaktoria wa 2×2": jina liende, makundi manne yatajwe. "Tafiti mtambuka" na thamani za p ziko kundi la tatu. Ziondoke tu. Mtaalamu anayezitaka atazikuta kwenye makala.

"Vekta" haihitaji hata kufikiriwa. Ni mbu. Andika mbu.

"Afua" inataka neno la ziada, kwa sababu wengi wetu tunaofanya kazi na wizara na miradi tumelisikia hadi tumesahau kwamba ni istilahi. Limejaa kwenye taarifa na semina, lakini sokoni halipo. "Njia" inatosha kabisa.

Hatua ya pili: maneno yanayojifanya ya kawaida

Istilahi ngeni kama "pairethroidi" ina heshima moja: msomaji anajua kwamba haijui. Hatari zaidi ni neno ambalo msomaji analijua kwa maana nyingine, kwa kuwa atalipita bila kusita na kuondoka na habari isiyo sahihi. Katika mfano wetu yako manne, na hayo ndiyo yanayostahili muda wako mwingi.

La kwanza ni "usugu". Redioni na zahanatini, msomaji amelisikia neno hili kwenye "usugu wa dawa", yaani vimelea au bakteria kutokufa kwa vidonge au sindano. Akisoma "usugu" kwenye habari ya malaria, ataelewa kwamba dawa za kutibu malaria zimeshindwa. Hapa aliye sugu ni mbu, na dawa ni ya kuulia wadudu. Kwa hiyo sentensi lazima itaje nani hafi na kwa dawa gani: "mbu hawafi tena kwa dawa iliyowekwa kwenye chandarua." Wengine hukimbilia "mbu wameizoea dawa". Usiandike hivyo. Kuzoea ni jambo la kiumbe mmoja, kama mtu anavyozoea pilipili. Kinachotokea ni kwamba mbu wenye uwezo wa kuhimili dawa huishi na kuzaa, na watoto wao hurithi uwezo huo. Kama huna nafasi ya kuyasema yote hayo, "hawafi tena" ni kweli na haidanganyi.

La pili ni "maambukizi". Katika jaribio hili watoto walipimwa damu vijijini mwao, wakiwa wazima au wagonjwa, na kilichohesabiwa ni wale waliokutwa na vimelea. Wengi wanaobeba vimelea hawana homa. Ukiandika "29% ya watoto waliugua malaria", umebadilisha matokeo. Andika "walikutwa na vimelea vya malaria kwenye damu". Sentensi hiyo pia inaliondoa "ukithiri", neno ambalo wanatakwimu wanalitumia kwa idadi ya walio na hali fulani kwa wakati mmoja, ilhali kwa msomaji wa kawaida kukithiri ni kuzidi kupita kiasi. Fikiria anavyosoma: "ukithiri ulikuwa 29%."

La tatu ni "mwingiliano". Mtaani, mwingiliano ni watu kuchanganyikana, au kazi mbili kugongana. Wapo watakaoelewa kwamba dawa ya ukutani iliiharibu dawa ya chandarua. Jaribio halikusema hivyo. Lilisema kwamba pale ambapo moja ilikuwapo, kuongeza ya pili hakukuleta punguzo la ziada kama ambavyo mtu angetarajia. "Uradidi" haumsaidii mtu. Sema jambo lenyewe: "kuziunganisha hakukuleta faida ya ziada iliyoonekana."

La nne ni "nia ya kutibu". Hapa kuna kishawishi cha kuifuta kabisa, maana inanuka takwimu. Lakini ina maana inayombadilishia msomaji picha nzima: watoto walihesabiwa kwa kundi ambalo eneo lao lilipangiwa, wawe walilala ndani ya chandarua au hawakulala. Na kwenye jaribio hili, waliosema wametumia chandarua walishuka kutoka 77% baada ya mwaka mmoja hadi 59% mwaka wa pili. Msomaji anayejua hilo ataelewa kwamba anasoma matokeo ya kugawa vyandarua vijijini, si ya mtoto anayelala ndani ya chandarua kila usiku. Kwa hiyo jina linaondoka, na maana inapewa sentensi yake.

Hatua ya tatu: namna ya kueleza istilahi iliyobaki

Ufafanuzi unaofaa una sehemu mbili: kitu chenyewe ni cha aina gani, na kinafanya nini katika habari hii. Kwa PBO, sehemu ya kwanza ni "kemikali" na ya pili ni "inayomzuia mbu kuivunja dawa mwilini mwake". Basi. Jina lake refu, piperonili butoksaidi, halina kazi hapa. Wala huhitaji kutaja vimeng'enya. Mwandishi akianza kueleza kwamba PBO huzuia kundi fulani la vimeng'enya, atalazimika kueleza kimeng'enya ni nini, na ufafanuzi wake utakuwa umezaa istilahi nyingine. Kanuni rahisi: ufafanuzi ukiwa na neno linalohitaji ufafanuzi, panda ngazi moja juu na ueleze kazi badala ya utaratibu.

Tanguliza maana, jina lifuate. Linganisha hizi mbili:

"PBO, kemikali inayomzuia mbu kuivunja dawa, iliongezwa kwenye vyandarua."

"Watengenezaji wameongeza kwenye baadhi ya vyandarua kemikali inayomzuia mbu kuivunja dawa, iitwayo PBO."

Ya kwanza inamgonga msomaji na herufi tatu asizozijua, kisha inamwomba asubiri. Ya pili inampa kitu, halafu inakipa jina. Na usiuweke ufafanuzi kwenye mabano. Macho ya msomaji huruka mabano, hasa kwenye ikisiri ambamo mabano yamejaa tarakimu.

Pale Kiswahili kinapokuwa na njia ya mkato, ipite. Dawa za pairethroidi zilitengenezwa kwa kuiga sumu ya asili iliyomo kwenye maua ya pareto, na pareto ni zao linalojulikana Kenya na katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Maneno machache, "sumu za kiwandani zinazoiga sumu ya maua ya pareto", yanamfungulia msomaji wetu mlango ambao msomaji wa lugha nyingine hana. Angalia tu neno "zinazoiga" lisianguke njiani: ukiandika "dawa za pareto" umesema ni dawa ya asili, na hilo si kweli.

Vivyo hivyo "upuliziaji wa mabaki ndani ya nyumba". Hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno, na mabaki hayo kwa msomaji ni ya chakula au ya ukuta uliobomolewa. Watu wa Kanda ya Ziwa waliopuliziwa nyumba zao wana jina la kitu hicho: dawa-ukoko. Ni dawa inayoachwa ukutani kama ukoko unavyobaki chunguni. Kabla ya kutunga jina, uliza waliokiona kitu wanakiitaje.

Hatua ya nne: tarakimu

Waandishi wengi hudhani tarakimu ni nyepesi kwa sababu hazina istilahi. Hapa ndipo ikisiri nyingi zilizorahisishwa hugeuka kuwa za uongo.

Tazama uwiano wa odi wa 0.37. Kishawishi ni kutoa 0.37 kwenye 1, kupata 0.63, na kuandika kwamba vyandarua vya PBO vilipunguza maambukizi kwa 63%. Sasa rudi kwenye asilimia zenyewe: 42 zimekuwa 29. Hizo ni pointi 13 zilizopungua, yaani kama theluthi moja ya 42. Umbali kati ya theluthi moja na 63% ni mkubwa mno.

Sababu yake ni kwamba odi si uwezekano. Odi ni waliokutwa na vimelea ukiwagawanya kwa wasiokutwa navyo. Kwa 29 kati ya 100, odi ni 29 kwa 71, sawa na 0.41. Kwa 42 kati ya 100, ni 42 kwa 58, sawa na 0.72. Jambo likiwa nadra, odi na uwezekano hukaribiana hata tofauti isiwe na madhara. Likiwa la kawaida kama hapa, hutengana sana.

Ukizigawanya namba hizo mbili utapata 0.57, si 0.37, na hapo mwandishi makini atashtuka. Hakuna kosa. Kundi la PBO linachanganya maeneo yaliyopuliziwa na yasiyopuliziwa, na 0.37 ilitoka kwenye modeli ya takwimu iliyotenganisha athari ya chandarua na athari ya upuliziaji. Somo la kazi ni hili: namba ya modeli usiigeuze kuwa lugha ya kawaida kwa kikokotoo chako. Ama mwombe mtakwimu wa timu akupe tofauti inayoweza kusemwa kwa watu, ama tumia hesabu ghafi na ueleze zinajumlisha nini.

Sisi tunachagua hesabu ghafi, katika umbo la "watoto 29 kati ya kila 100". Umbo hilo humwonyesha msomaji watu. Shikilia msingi wa 100 kila mahali. Ukiandika "29 kati ya 100" hapa na "mmoja kati ya watatu" pale, unamlazimisha akokotoe. Na usimpe punguzo bila mahali lilipoanzia. "Yalipungua kwa theluthi" peke yake halielezi kama ni kutoka 60 au kutoka 6.

Masafa ya uhakika na p vinaondoka, lakini vinaacha deni. Vilikuwa vikimwambia msomaji jinsi matokeo yalivyo imara, na sasa kazi hiyo inafanywa na vitenzi vyako. Tofauti ya PBO na ya upuliziaji zina ushahidi imara, kwa hiyo andika "ilikuwa chini", bila "huenda". Matokeo ya kuunganisha njia mbili yana masafa mapana, kutoka 1.19 hadi 4.97, kwa hiyo usiandike "kuunganisha hakuna faida yoyote". Andika "hakukuleta faida ya ziada iliyoonekana". Wala usitumie "kwa kiasi kikubwa" kama tafsiri ya matokeo yaliyovuka kipimo cha p. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu ukubwa.

Kuna mtego mmoja zaidi kwenye mwezi wa 21. Mtaalamu ameandika kwamba athari "ilidumu", na ni kweli, maana tofauti kati ya makundi ilibaki. Lakini msomaji akiona 29 mwanzoni na 45 mwishoni atadhani umekosea, au ataamini chandarua kiliacha kufanya kazi. Mwambie waziwazi kwamba maambukizi yalipanda pande zote mbili na kwamba pengo lilibaki.

Hatua ya tano: panga upya

Ikisiri ya kitaalamu huanza na pengo la utafiti, kwa kuwa wenzake mwandishi wanalijua tatizo. Msomaji wetu halijui. Anza na kitu anachokijua, chandarua, kisha kinavyofanya kazi, kisha kilichoharibika, kisha swali. Muundo wa jaribio ufuate kama jibu la "walilichunguzaje?" Ukifuata mpangilio huo, istilahi mbili zitajieleza zenyewe: msomaji aliyekwisha kujua kwamba mbu huvunja dawa anaielewa PBO kabla hujamaliza sentensi.

Hii ndiyo ikisiri iliyofunguliwa:

"Vyandarua vyenye dawa huzuia malaria kwa njia mbili: huweka wavu kati ya mtu na mbu, na huua mbu wanaotua juu yake. Dawa inayotumika kwa kawaida ni ya jamii ya pairethroidi, sumu za kiwandani zinazoiga sumu ya maua ya pareto. Lakini katika sehemu nyingi za Afrika mbu wengi wa malaria hawafi tena kwa dawa hiyo, na sababu moja ni kwamba miili yao huivunja kabla haijawadhuru. Kwa hiyo watengenezaji wameongeza kwenye baadhi ya vyandarua kemikali inayomzuia mbu kuivunja dawa, iitwayo PBO. Ili kujua kama vyandarua hivyo hupunguza maambukizi, na kama kupulizia kuta dawa-ukoko ya jamii nyingine huongeza faida, maeneo 48 wilayani Muleba, Tanzania, yaligawanywa kwa kura katika makundi manne: vyandarua vya kawaida au vya PBO, pamoja na upuliziaji au bila upuliziaji. Baada ya miezi 9, watoto 29 kati ya kila 100 waliopimwa katika maeneo ya PBO walikutwa na vimelea vya malaria kwenye damu, wakati kwenye maeneo ya vyandarua vya kawaida walikuwa 42. Maeneo yaliyopuliziwa nayo yalikuwa chini ya yasiyopuliziwa, 28 kwa 44, lakini kuziunganisha njia hizo mbili hakukuleta faida ya ziada iliyoonekana. Kufikia mwezi wa 21 maambukizi yalikuwa yamepanda pande zote, ila maeneo ya PBO yalibaki chini, 45 kwa 62. Hesabu hizi zinawajumlisha pia watoto ambao hawakulala ndani ya chandarua. Katika mwaka wa pili, watu 59 tu kati ya 100 walisema wametumia chandarua."

Angalia kilichotokea kwa "klasta". Tumeandika "maeneo", si "vijiji". Klasta ni eneo lililochorwa na watafiti, na si lazima mipaka yake iwe ya kijiji. "Vijiji 48" ingesomeka vizuri zaidi, na ingekuwa kosa. Neno jepesi likikuvutia, rudi kwenye sehemu ya mbinu kwanza.

Hatua ya sita: majaribio mawili kabla ya kutuma

La kwanza ni la msomaji. Mpe ikisiri mtu mmoja nje ya fani, aisome mara moja, kisha ifunike. Usimuulize kama ameelewa, maana atajibu ndiyo kwa heshima. Muulize: Nani hafi, na kwa dawa gani? PBO inafanya nini? Mtu akiwa na fedha za njia zote mbili, jaribio hili linamwambia nini? Mahali anapojibu tofauti na ulivyokusudia ndipo pa kurekebisha. Akijibu kwamba dawa za malaria zimeshindwa kutibu, kosa liko sentensi ya tatu. Akisema dawa mbili zinapingana, liko kwenye maelezo ya kuunganisha. Watu wawili au watatu wanatosha, ila asiwe mtu uleule kila mara, kwa sababu aliyekwisha kuelezwa hawezi tena kutokujua.

La pili ni la mtaalamu, na lina mwelekeo wa kinyume. Chukua kila sentensi mpya na uandike pembeni yake jedwali au ukurasa wa makala unaoithibitisha. Sentensi isiyo na ukurasa inafutwa, hata kama inapendeza. Mwandishi mwenza aliyefanya hesabu asome sehemu ya tarakimu peke yake. Mara nyingi atataka kurudisha vijineno vya tahadhari. Mruhusu vile vinavyobadilisha maana, kama "iliyoonekana" na "waliopimwa", na uvikatae vinavyorudia tu kwamba utafiti una mipaka.

Mwisho, usiyafute maneno ya kitaalamu kwenye mstari wa maneno muhimu chini ya ikisiri. Pale yaandike yalivyo: pairethroidi, piperonili butoksaidi, usugu wa mbu, jaribio la nasibu la klasta. Mstari huo unasomwa zaidi na mitambo ya kutafutia makala kuliko watu, na mtafiti anayetafuta kwa istilahi asipoikuta hapo hataiona kazi yenu.